Keki, Unga na Kepsheni

Picha zenyewe hazikuwa na tatizo. Zilikuwa mbili, za marafiki wanne waliosoma pamoja shule ya bweni. Siku hizi mmoja ni nesi, mmoja mhasibu, mmoja anauza vitenge Kariakoo, na wa nne, ambaye sherehe ilikuwa yake, ni mwalimu wa sekondari aliyekuwa anatimiza miaka 35. Picha ya kwanza ilipigwa jioni kabla jua halijazama: sare za kitenge, keki haijaguswa, kila mtu kavuta tumbo ndani. Ya pili ilipigwa baada ya wenzake kutokea uani na ndoo ya maji, pakiti ya unga wa ngano na mayai, kama ilivyo desturi kwa mwenye bethidei asiyekimbia mapema. Humo wigi imegeuka, kisogo kimekuja mbele, na uso umekuwa kama donge la chapati lililosahaulika mezani.

Mzozo ulianza usiku, ilipofika zamu ya kepsheni. Muuza vitenge alitaka vichekesho. Nesi alitaka maneno ya kutoka moyoni. Mhasibu akauliza swali ambalo wengine waliliona la kuchosha: “Nani ataona?”

Lilikuwa swali zuri kuliko yote. Stetasi ya WhatsApp hukaa saa 24, na usipobadilisha mpangilio huonwa na kila uliyehifadhi namba yake, naye akahifadhi yako. Kwa mwalimu huyu maana yake ni mkuu wa shule, wazazi wa wanafunzi, mama mkwe, mwenye nyumba, na yule fundi wa friji aliyekuja mara moja akasahaulika humo simuni. Wanawake wa pwani wanaielewa hali hii tangu enzi za bibi zao. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina lake, yaani yale maandishi ya chini, na mnunuzi mwenye akili hulisoma jina kabla hajauliza bei. Anajua akijifunga ile nguo jirani naye atasoma, na kila jirani atajiona ndiye aliyesemwa.

Muuza vitenge hakujali. Rasimu yake ilisema: “Heri ya kuzaliwa, bibi yetu! Mungu akuzidishie umri. Ukishalipa ile elfu hamsini ya vitenge, tutakuzidishia na sisi maombi.”

Wote wanne walicheka mpaka wakashika mbavu. Wanajua deni lenyewe ni la zile sare, wanajua mwalimu hulipa mshahara ukitoka, na wanajua kwamba muuza vitenge hamdai mtu asiyempenda. Huyo humkatalia mkopo tangu mwanzo. Sasa mpe mwenye nyumba asome maneno hayohayo. Kwake hiyo ni taarifa ya habari: mpangaji wangu ana madeni mjini, na kodi inakaribia.

Utani una mipaka yake, na mipaka hiyo haikuwekwa na mitandao. Mnyamwezi na Mzaramo hutaniana hata msibani, na mtani anaweza kumsema marehemu kwa ubahili wake huku wafiwa wakijizuia kucheka. Lakini pale kila aliyepo anajua nani ni mtani wa nani, na anajua kwamba kesho zamu itageuka. Stetasi haibebi maelezo hayo. Mtazamaji hukuta tusi peke yake, bila undugu uliolizaa. Kwa hiyo mambo ya fedha, unene, ndoa na uzazi, ambayo ndiyo mtaji mkubwa wa vichekesho vya mashoga wa siku nyingi, ndiyo yanayoharibika haraka zaidi yakitoka nje ya chumba.

Wakati hayo yakijadiliwa, nesi alikuwa kimya kwenye kochi. Ukimya wa mtu mwenye simu mkononi ni wa kuogopwa. Alikuwa ameichukua picha ya kwanza, akamkata mwalimu abaki peke yake, akaigeuza kuwa nyeusi na nyeupe kwa sababu “inapendeza zaidi,” akaweka alama ya mshumaa kwa sababu keki ilikuwa na mishumaa, kisha akaandika: “Hakika ulikuwa zawadi kwetu. Tabasamu lako halitasahaulika. Tutakupenda daima.” Akarusha.

Jibu la kwanza liliingia kabla hajaiweka simu mezani. “Jamani! Lini tena? Juzi tu nilimwona sokoni.” La pili likauliza msiba uko wapi. La tatu, la mtu wa vitendo, likataka namba ya kutumia mchango. Kisha ikalia simu ya marehemu mwenyewe. Alikuwa shangazi yake, kutoka Morogoro, anahema.

“Nani anaongea?”

“Shikamoo shangazi, ni mimi,” alijibu mwalimu, pilau mdomoni.

“Wewe nani? Na simu ya mwanangu umeipataje?”

Ilibidi ataje jina la paka wa nyumbani kwao ndipo akasadikiwa.

Ukiitazama kepsheni ile kwa utulivu, hakuna kosa moja kubwa ndani yake. Picha isiyo na rangi si kosa. Mshumaa si kosa. Hata ule wakati uliopita, “ulikuwa zawadi,” peke yake ungepita. Ila mtu aliye kwenye daladala hasomi. Anapepesa jicho tu, na hivyo vitatu vikikutana jicho lake limezoea kuviona kwenye tanzia. Mapenzi ya nesi yalikuwa ya kweli, lakini aliyaandika kwa maneno yanayomfaa mtu yeyote, na maneno ya namna hiyo ndiyo yanayosomwa makaburini. Tabasamu lisilosahaulika kila mtu analo, hasa akishafariki.

Stetasi ikafutwa. Picha ya skrini, bila shaka, ilikuwa imeshafika kwenye grupu la ukoo.

Mhasibu ndiye aliyepata njia, naye aliipata kwa kuacha kuwaza maneno kwanza na kuangalia picha inasema nini tayari. Ya kwanza, ile ya sare na matumbo yaliyobanwa, ina heshima zake. Ukiiongezea maneno mazito inakuwa tangazo la ibada. Ya pili tayari ni kichekesho. Ukiiongezea mzaha juu yake inaonekana mnamdhalilisha mtu aliyelowa. Basi picha ya unga ipewe maneno ya dhati, na dhati hiyo iwe na tukio, jambo ambalo huyu peke yake alilifanya. Mwenye uso mweupe akaombwa ruhusa kwanza, akaitoa kwa sharti kwamba mkuu wa shule afichwe. WhatsApp inaruhusu hilo. Unachagua usiowataka, na wao hawaarifiwi.

Wakaandika: “Mwaka 2013 huyu aliuza simu yake ili mwenzake amalizie ada ya chuo, na hakumwambia mtu. Leo ana miaka 35. Yuko hai, yuko mzima, ila ana mayai nywelini.”

Tukio limetangulia, mzaha umefuata, na hilo si bahati. Msomaji akianza na kicheko, kinachofuata hukichukulia kuwa kicheko pia. Akianza na jambo zito, mzaha wa mwisho unampa nafasi ya kuvuta pumzi. “Yuko hai” liliongezwa kwa ajili ya Morogoro.

Kulipokucha likabaki jambo moja la kihasibu. Binamu mmoja alikuwa ameshatuma elfu ishirini za rambirambi, na alipoelezwa akaona aibu kudai zirudishwe. Mwalimu aliziita zawadi. Nesi alisema ni haki yake yeye aliyezitafuta. Muuza vitenge akafungua daftari, akaandika kwamba zimepokelewa, na deni limebaki elfu thelathini.