Jinsi ya Kugawa Saa 200 Bila Kumpoteza Mtoto wa Ipogolo

Ipogolo iko chini ya mlima wa mji wa Iringa, pale barabara kuu iendayo Mbeya inapokutana na Mto Ruaha Mdogo. Mama anayeleta mtoto kliniki hapo hajawahi kuona mtaala wa chuo chochote cha uuguzi. Anachojua ni tarehe ya kurudi, kwa sababu imeandikwa kwenye kadi ya mtoto, na kadi imefungwa kwenye mfuko wa nailoni isilowe.

Mwongozo huu ni wako wewe mkufunzi uliyepewa kupanga moduli ya uuguzi wa afya ya jamii. Umeketi mbele ya jedwali tupu, chai imepoa, na mkuu wa idara anataka ratiba kesho asubuhi. Kabla hujaandika chochote, omba uione kadi ya yule mama. Ratiba nzuri imekwisha kuandikwa humo.

Hatua ya 1: Hesabu saa zako zote, hata zile zisizo na mwalimu

Katika mfumo wa vyuo vya ufundi na afya Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kujifunza. Saa hizo si za mhadhara peke yake. Zinabeba semina, mazoezi, kazi ya uwandani, kujisomea na mitihani. Kwa hiyo moduli ya krediti 20 ina saa 200, wala usimruhusu mtu akuambie uzijaze zote kwa chaki.

Tuchukue mfano wa muhula wenye wiki 15. Darasani weka saa 60. Kwenye chumba cha mazoezi, penye mizani na mdoli, weka saa 20. Uwandani saa 80, kujisomea 30, tathmini 10. Jumla ni 200. Hapo wapangaji wengi hushangilia, hufunga daftari na kwenda nyumbani. Wewe usiende. Umekata nguo tu, bado hujaishona.

Hatua ya 2: Usizimwage saa 80 kwa mkupuo

Mazoea ni haya: wiki kumi za darasani, kisha wanafunzi wote wanapakiwa kwenye basi, wanakaa kituoni siku 10 za saa 8, halafu wanarudi kufanya mtihani. Kwa hesabu ni saa 80 kamili. Kwa mkaguzi wa makaratasi hakuna kosa.

Kosa liko kwa mtoto. Chanjo zake za mwanzo, baada ya zile za kuzaliwa, hutolewa akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Kati ya moja na nyingine kuna wiki nne. Mwanafunzi aliyekaa kituoni wiki mbili mfululizo amewaona watoto wengi mara moja moja, na hajamwona mtoto hata mmoja akirudi. Amejifunza kuchanja. Hajajifunza uuguzi wa jamii, ambao kiini chake ni kujua nani hakurudi na kumfuata.

Sasa chukua saa hizo hizo 80 uzigawe siku moja kwa wiki, kuanzia wiki ya 3 hadi ya 12. Ni siku 10 zile zile. Lakini mtoto aliyeletwa na wiki 6 katika wiki ya 3 ya muhula atarudi na wiki 10 katika wiki ya 7, na atarudi tena na wiki 14 katika wiki ya 11. Mwanafunzi aliyekabidhiwa watoto watatu atawafuata wote safari nzima. Hukuongeza hata dakika moja, umefuata kalenda ya kadi tu.

Hatua ya 3: Uliza kituo kinafungua chupa siku gani

Chanjo ya surua na rubela huja ikiwa ya unga. Ikishachanganywa na maji yake hutumika ndani ya saa 6, inayobaki inamwagwa. Muuguzi anayejali chanjo yake hapendi kufungua chupa ya dozi 10 kwa ajili ya watoto wawili. Ndiyo maana vituo vingi hukusanya watoto wa chanjo hiyo siku maalumu ya wiki. Chanjo ya kifua kikuu nayo ina tabia hiyo hiyo.

Chuo kikipanga uwandani Jumatatu kwa sababu Jumatatu ukumbi una kikao, na chupa inafunguliwa Alhamisi, wanafunzi watakaa kwenye benchi wiki kumi wakisikia habari za surua kama watu wanavyosikia habari za meli. Panda daladala, shuka Ipogolo, mwamkie muuguzi mfawidhi, muulize siku. Swali hili ni la dakika mbili na linaokoa muhula mzima.

Hatua ya 4: Hesabu mizani kabla ya kuhesabu wanafunzi

Una wanafunzi 40 na siku ni moja. Ukiwapeleka wote mahali pamoja, kila mtoto atapimwa uzito na watu wanne, atalia mara nne, na mama ataamua kwamba mwezi ujao ana shughuli nyingine. Umefundisha darasa zima na umefukuza mteja.

Suluhisho si kuongeza siku, kwani siku ya chupa ni hiyo hiyo. Ongeza vituo. Chukua vituo vinne, Ipogolo na vitatu vya kata za jirani, ukihakikisha siku zao zinalingana. Kila kituo kinapokea wanafunzi 10. Watano wanabaki kliniki asubuhi, watano wanatoka na mhudumu wa afya ngazi ya jamii kutembelea kaya. Wiki inayofuata wanabadilishana. Barua za maombi zianze kwa mkurugenzi wa manispaa, zishuke kwa mganga mkuu wa manispaa hadi kituoni, na ofisi ya mtaa ijue nani atapita majumbani. Zitume mapema, muhula haujaanza, kwa sababu barua nayo hupanda mlima taratibu.

Hatua ya 5: Weka darasa mbele ya mlango wa kliniki

Wiki mbili za kwanza zipe saa 8 za darasani na saa 5 za chumba cha mazoezi kila moja. Humo fundisha yale tu ambayo mwanafunzi hawezi kuingia kliniki bila kuyajua: kusoma kadi, kupima uzito na urefu, usafi wa mikono, usiri, na namna ya kuuliza. Kuanzia wiki ya 3 hadi ya 12 toa saa 4 za darasani na saa 1 ya mazoezi kwa wiki, ukifundisha leo kile watakachokutana nacho kesho kutwa. Saa 4 za darasani zilizobaki ziwe za kufungia hesabu mwishoni.

Kwa Iringa somo la lishe lisichelewe. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 uliuonyesha mkoa huu ukiongoza nchini kwa udumavu, asilimia 56.9 ya watoto walio chini ya miaka mitano, na huu ni mkoa unaolisha wengine mahindi na viazi. Udumavu hauonekani kwenye mizani. Unaonekana kwenye ubao wa kupimia urefu. Mwanafunzi akimuuliza mama, "Mtoto anakula?" atajibiwa, "Anakula vizuri, mwanangu," na wote wawili wataridhika. Mfundishe aseme kwanza, "Kamwene, mama," asubiri aitikiwe, kisha aulize: tangu jana asubuhi hadi sasa mtoto amekula nini, mara ngapi, na ndani ya uji kuliwekwa nini? Hapo ndipo sufuria inapoanza kuzungumza.

Hatua ya 6: Ngoja wiki ya 7, ndiyo mtihani wa kweli

Tuseme mmoja wa watoto watatu wa mwanafunzi wako hakuja wiki ya 7. Ratiba ya mkupuo isingejua. Ratiba yako inajua siku hiyo hiyo, kwa sababu jina limekaa kwenye daftari bila alama. Wiki hiyo mwanafunzi anakwenda nyumbani na mhudumu wa jamii, tena alasiri, maana asubuhi za msimu wa kilimo mlango huwa na kufuli. Anaambiwa na bibi kwamba mama alikwenda shamba la ukoo kuvuna na atarudi baada ya wiki mbili.

Mwanafunzi anarudi darasani na swali linalomwasha: mtoto akichelewa, chanjo zianze upya? Jibu ni hapana. Anaendelea alipoishia, na dozi zinazofuata zinapishana angalau wiki nne. Ulikuwa na mstari huo kwenye maelezo yako tangu wiki ya kwanza, na hakuna aliyeukumbuka. Sasa hautasahaulika, kwa kuwa una uso, una bibi, na una shamba.

Hatua ya 7: Soma tarakimu ya mwisho

Kitabu cha kumbukumbu za mazoezi kikija kimeandikwa chote kwa wino mmoja na mwandiko usiochoka, ujue kimejazwa usiku mmoja bwenini. Ikiwa kila mjamzito ana shinikizo la damu 120/80, hakuna aliyepimwa.

Kuna kipimo kizuri zaidi. Mizani ya kuning'iniza inasoma kila gramu 100. Chukua uzito wa watoto 30 ulioandikwa na mwanafunzi, utazame tarakimu baada ya nukta. Sifuri na tano kwa pamoja zinapaswa kutokea kama mara 6. Ukizikuta mara 20, mwanafunzi anakisia kwa macho. Usimgombeze kwanza, rudi naye kwenye mizani, angalia kama mshale ulianza kwenye sifuri na kama alisubiri mtoto atulie. Mara nyingi foleni ilikuwa ndefu na hakuna aliyesimama kando yake. Hilo ni kosa la ratiba yako, kwa hiyo mpe mwelekezi kituoni mwenye jina na siku, na wewe mwenyewe ufike.

Mpaka wa mwongozo huu

Siku moja kwa wiki inafaa pale daladala inapofika. Kwa kijiji cha mbali, nauli na barabara ya masika zitakulazimisha ukae mfululizo. Hapo gawanya mkupuo mmoja uwe miwili, na uviache vipindi hivyo vipishane wiki nne, ili angalau dozi moja ya kurudi ionekane.

Ukimaliza, lete kadi ya mtoto uiweke kando ya ratiba yako. Ukiona tarehe za kurudi zimeangukia siku ambazo mwanafunzi wako yupo kliniki, peleka ratiba kwa mkuu wa idara. Zisipoangukia, pasha chai moto, uanze tena hatua ya 2.