Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Hospitali Kuhusu Begi la Mama Mjamzito

Kwa: Mkurugenzi Mkuu,
Hospitali ya Umma (jina unalijua mwenyewe),
Eldoret.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

KUH: MAREKEBISHO YA ORODHA YENU YA VITU VYA KUJIFUNGULIA

Mtoto alifika salama. Alizaliwa Julai, mwezi ambao mji wetu, ulio zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hauna huruma na mtu aliyetoka mahali penye joto la nyuzi 37. Mamake anaendelea vizuri. Mimi, dada yake mkubwa na msindikizaji wake, ndiye niliyebaki na orodha yenu mkononi, na ninaomba ruhusa ya kuihariri kidogo kabla hamjampa mwanamke mwingine.

Inaanza na glovu. Baada ya glovu ni roli la pamba, nyembe, kibanio cha kitovu, mabomba ya sindano, spiriti, na jiki ya kusafishia sakafu. Nguo za mtoto zimewekwa chini kabisa, pale ambapo mashine ya kutoa nakala ilikuwa inaishiwa na wino. Mwenye duka la dawa aliposoma karatasi hiyo alimuuliza mdogo wangu, kwa heshima zote, anafungua zahanati mtaa gani.

Sisi tulikuwa tumeambiwa kwamba uzazi katika hospitali za umma ni bure. Rais Uhuru Kenyatta alitangaza hivyo tarehe 1 Juni 2013, Sikukuu ya Madaraka, na tukapiga makofi. Mwaka 2016 ikaja Linda Mama. Oktoba 2024 NHIF ikazikwa, SHA ikashika usukani, na Linda Mama ikapewa jina jipya la Linda Jamii. Kwa viwango vilivyotangazwa na SHA, hospitali hudai shilingi 10,000 mama akijifungua kwa njia ya kawaida na 30,000 akifanyiwa upasuaji. Kwa akili zetu za mtaa wa Langas tukahesabu kwamba ndani ya elfu kumi hata glovu zingepata nafasi ya kujibana.

Najua mtanijibu kwamba pesa za SHA huchelewa. Hospitali nyingi zimelalamikia jambo hilo hadharani, nami siwabishii. Ninachostaajabia ni ustadi wa suluhisho lenu: deni la serikali limekunjwa vizuri, likatiwa ndani ya begi la mwanamke mwenye mimba ya miezi tisa, naye akalipandisha boda usiku.

Kwa hiyo nimeipanga upya orodha yenu.

Sehemu ya mama ianze na kitu ambacho hamkukitaja popote, nacho ndicho tulichoulizwa kwanza dirishani: kitambulisho, na simu yenye laini iliyosajiliwa SHA. Waelezeni kina mama mapema kwamba usajili hufanywa kwa kubonyeza *147#, na kwamba asiye na mshahara hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mkupuo mmoja. Hizo huhitaji kukusanywa tangu mimba ikiwa changa. Zikianza kutafutwa uchungu ukiwa umeshaanza, utamwona msindikizaji kwenye korido akipigia jamaa simu za mchango huku mgonjwa wake ameegemea ukuta.

Halafu kitabu cha kliniki, nacho kikae mfuko wa nje wa begi. Humo mna kundi la damu, kiwango cha damu na vipimo vyote ambavyo muuguzi wa zamu, asiyemjua mama huyu, atavitafuta kwa dakika chache. Kama damu ya mama ni Rhesus hasi, ukurasa huo ukunjwe pembe na msindikizaji aonyeshwe, kwa sababu mtoto akitoka na damu chanya, mama anatakiwa kuchomwa sindano ya anti-D ndani ya saa 72. Sindano hiyo huenda isipatikane kila duka la dawa, na saa 72 zinazoangukia wikendi ni chache kuliko zinavyosikika.

Vitu vingine vya mama ni vya kawaida. Pakiti mbili za pedi nene za uzazi, chupi kubwa za pamba zinazopanda hadi juu ya kitovu ili zisisugue mshono akipasuliwa, leso tatu za rangi iliyokolea, slipa za kuogea, beseni, sabuni, na gauni linalofunguka mbele. Ila pedi zina kazi ya pili ambayo karatasi yenu haikuitaja. Ndizo kipimo cha damu. Pedi ikilowa yote ndani ya saa moja, muuguzi aitwe mara moja, na pedi ile isitupwe kabla hajaiona. Mdogo wangu alikuwa anazikunja na kuzificha kwa aibu, mpaka mama wa kitanda cha pili, mwenye watoto wanne, akamwambia aache ustaarabu.

Sasa mtoto. Hapa mlitaka "nguo za mtoto", nukta. Kwa maneno hayo matatu tulibeba suti yenye masikio ya sungura, na haikuvaliwa hata siku moja. Kitu cha kwanza anachohitaji mtoto anayezaliwa Eldoret usiku ni vitambaa viwili vikavu, na maana yangu ni viwili kweli. Mtoto hutoka amelowa, na unyevu ule ukikauka hewani humnyang'anya joto upesi. Kitambaa cha kwanza kinampangusa, nacho kikishalowa kinawekwa kando. Cha pili kinamfunika akiwa amelazwa ngozi kwa ngozi kifuani mwa mamake, kofia kichwani. Mwenye kitambaa kimoja atamfunika mtoto kwa kile kile kilicholowa. Leso ya zamani iliyofuliwa na kupigwa pasi inatosha, tena hunyonya maji zaidi kuliko ile mpya ya dukani.

Vitambaa hivyo viwili, kofia, soksi, fulana inayofungwa mbele, nepi moja na shali vifungwe pamoja ndani ya leso moja na kuwekwa juu kabisa ya begi. Wetu vilikuwa vimetawanyika chini ya zile glovu. Muuguzi mmoja anayehudumia akina mama watatu hawezi kuchimba begi la mtu kutafuta kofia, na msindikizaji mara nyingi yuko nje ya lango. Nguo nyingine, seti mbili tatu, na nepi nambari 1 zinazofaa mtoto wa kilo 2 hadi 5, zinaweza kukaa chini. Mama aliyejifungua salama huwekwa angalau saa 24. Aliyepasuliwa hukaa siku kadhaa, na begi la pili linaweza kuletwa kutoka nyumbani. Ubaridi wenyewe upimwe tumboni kwa mkono. Nyayo zikipoa huku tumbo lina joto, mtoto aongezewe nguo. Tumbo nalo likipoa, arudishwe kifuani kwa mamake na muuguzi aitwe.

Spiriti naomba muifute. Kwa kitovu, Kenya ilishakubali jeli ya klorheksidini ya asilimia 7.1, inayopakwa mara moja kwa siku kwa siku saba. Lakini karatasi iandike wazi kwamba ni ya kitovu peke yake. Kirija chake hufanana na dawa ya macho, na kuna nchi ambako watoto waliumizwa macho kwa kuchanganya hivyo viwili. Chupa na maziwa ya kopo nashukuru hamkuyataja. Sheria ya mwaka 2012 hairuhusu yapigiwe debe hospitalini.

Msindikizaji hayumo kwenye orodha yenu hata kwa bahati mbaya. Nilimtafuta mbele na nyuma ya karatasi. Hata hivyo usiku ule nilibeba sampuli ya damu hadi maabara, nikachota maji, nikaenda duka la dawa kununua kilichoisha, nikasafisha chini ya kitanda kwa ile jiki yetu, na nikaulizwa na mgonjwa wa tatu kama mimi ndiye sista wa zamu. Naomba basi namba yangu ya ajira. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mama awe na mtu aliyemchagua mwenyewe kando yake wakati wa uchungu na wa kujifungua. Ushauri huo umefika Eldoret, ila umezuiliwa langoni na askari wenu anayesema saa ya kuwaona wagonjwa ni saa saba mchana. Kwa kuchota maji niliruhusiwa kuingia. Kwa kumshika mkono mdogo wangu nilikuwa mgeni.

Begi la mtu huyo liwe dogo, maana atalilalia. Sweta na shali, kwa kuwa benchi la korido ni baridi kuliko wodi. Themosi ya uji wa wimbi, ambao mama ataumalizia. Chaja, pawabenki, na noti ndogo ndogo za siku ambayo M-Pesa imegoma. Namba ya dereva aliyekubali kuamshwa saa nane za usiku. Na daftari lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi, la kuandika saa chupa ya uzazi ilipopasuka, maji yalikuwa ya rangi gani, uchungu unarudi kila baada ya dakika ngapi, na mama alikula lini mara ya mwisho. Maswali hayo matatu manne huulizwa kila zamu ikibadilika, na kila mara mama hutakiwa kuyajibu akiwa amekunja uso.

Nimeongeza sehemu ya nne, Mheshimiwa, ambayo ni Begi la Hospitali. Nimewarudishia humo glovu, nyembe, kibanio, pamba, mabomba na jiki, maana ndiko kwao. Pia nimetia vitu ambavyo hamkuthubutu kutuagiza. Oksitosini ya kuzuia damu kutoka kwa wingi, ambayo hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 na haiwezi kusafiri kwa boda kutoka Langas ndani ya kikapu. Kifaa cha kumpulizia hewa mtoto asiyelia, chenye barakoa inayoenea uso mdogo kiasi hicho. Taa isiyotegemea simu ya msindikizaji. Orodha yenu ilihesabu kila kitu kinachouzwa kaunta, na kwa vile visivyouzwa kaunta ikanyamaza.

Napendekeza utaratibu wa haki. Mama akifika langoni na begi lake likakaguliwa, naye apewe nafasi ya kulikagua lenu. Akikuta glovu hakuna, awaambie kwa sauti ile ile tuliyoambiwa sisi: rudini nyumbani mkajipange.

Binamu yetu ana mimba ya miezi saba na kliniki yake ni Jumanne ijayo. Nitashukuru karatasi mpya ikiwa tayari kufikia siku hiyo, na wino ukiwepo.

Wako mtiifu,
Msindikizaji wa kitanda cha nne.

Nakala: Waziri wa Afya.
Nakala: Askari wa lango la wodi ya wazazi, kwa utekelezaji.
Nakala: Mwenye duka la dawa, ambaye mapendekezo haya yatampunguzia wateja. Tunamwomba radhi.