VPN Imekubali, Duka Halionekani

Nikiwa nyumbani Mbagala, kompyuta inaniandikia Connected. Haya, VPN imekubali. Nafungua Network nitafute kompyuta ya duka letu la Kariakoo, yenye folda ya mahesabu: peupe! Hata ile printa ya kaunta, inayojitokeza kila siku nikiwa dukani bila kuitwa, leo haipo. Naandika mwenyewe `\\DUKANI\Mahesabu`, Windows inadai haijapata kitu. Huku tajiri anapiga simu: "Mahesabu ya jana vipi?"

Nampigia fundi. "Kaka, zima uwashe." Huyu hata ukimwambia paa linavuja atakwambia uzime uwashe.

Shida yenyewe ni hii. Kompyuta zetu za dukani hazina daftari la majina, zinaitana kwa kelele. Inayotafuta inatangaza kwenye mtandao wote wa ndani, "DUKANI ni nani?", na mwenye jina anajibu kwa kutaja anwani yake. Ni kama machinga wa Mtaa wa Kongo na kipaza sauti chake, "Buku mbili, buku mbili!" Mtaa mzima unamsikia, Mbagala hawana habari naye. Ruta haivushi matangazo ya namna hiyo kwenda mtandao mwingine, na VPN yetu, kama nyingi za maofisini, inapitisha tu mzigo ulioandikiwa anwani ya IP ya upande wa pili. Tangazo la kila mtu linaishia mlangoni.

Ndipo nikajaribu hivi:

```
ping 192.168.10.5
ping DUKANI
```

Namba ikajibu, jina likakataliwa. Kumbe njia ni nzima, kinachokosekana ni mtu wa kulitafsiri jina. (Namba nayo ikinyamaza, angalia Windows Firewall ya dukani. Mara nyingi inawasikiliza wa mtandao wake tu.) Nikaandika `\\192.168.10.5\Mahesabu`, folda ikafunguka bila ubishi, maana faili zenyewe husafiri kwa anwani, hazitangazwi.

Kukariri namba siwezi, kwa hiyo nikafungua faili la `C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts` kwa ruhusa ya msimamizi, nikaongeza mstari:

```
192.168.10.5  DUKANI
```

Sasa jina linaitika. Nikamwekea na tajiri mstari uleule, maana naye anaingia kwa VPN. Ila bado analalamika kwamba Network yake ni tupu, na itaendelea kuwa tupu: mstari ule unamjibu anayeuliza jina, hauorodheshi waliopo. Nimemwekea njia ya mkato kwenye deski la kompyuta yake. Hataki, anataka kuona picha za kompyuta zimejipanga.

Wiki hiyo umeme ukakatika Kariakoo. Uliporudi, ruta ikagawa namba upya, ile 192.168.10.5 ikaenda kwa printa. Natafuta mahesabu, naelekezwa kwenye mashine ya risiti! Fundi anasema kuifungia kompyuta namba yake ndani ya ruta ni kazi ya dakika mbili, elfu thelathini.