Ami na Talaka ya Kahawa

Ami yangu, mtu wa baraza na mwenye heshima zake mtaani, ambaye kwa miaka mingi hakupata kunywa chini ya finjani nane za kahawa chungu kwa siku, aliamka asubuhi moja ya mwisho wa Shaabani akatangaza mbele ya mkewe na wajukuu kwamba, ili saumu isimtese, kahawa ameipa talaka tatu tangu saa ile.

Hata ilipofika alasiri paji la uso lilikuwa likimgonga, akafunga leso kichwani, akadai kuwa ni jua. Siku ya pili ndiyo iliyokuwa msiba: alipiga miayo tangu asubuhi, akaigombeza redio kwa taarabu aliyoiomba mwenyewe, akamfukuza paka aliyelala pasi na kosa, na muuza kahawa alipopita na dele lake akigonganisha vikombe, Ami alitoka barazani kumuuliza kwa ghadhabu ni nani aliyempa ruhusa ya kupiga kelele.

Jirani yetu, tabibu mstaafu, alicheka kwanza, kisha akaeleza. Mwilini mna kitu kiitwacho adenosini, ambacho huzidi kadiri mtu anavyokaa macho na ndicho kimleteacho usingizi. Kafeini ya kahawa huvikalia vipokezi vya adenosini hiyo ubongoni, ikaizuia. Nao ubongo, ukizuiwa hivyo kila siku, huongeza vipokezi vingine. Kahawa ikikatika ghafla, adenosini hufanya kazi yake bila kizuizi, mishipa ya damu ya kichwani hutanuka, na mtu huumwa kichwa, huchoka, tena huwa mwepesi wa hasira. Adha hiyo huanza baina ya saa 12 na 24 tangu kikombe cha mwisho, hushtadi siku ya kwanza au ya pili, na yaweza kudumu hata siku tisa.

"Sheikh wangu," akasema, "kahawa haitaki talaka tatu. Punguza finjani mbili, ukae hapo siku nne, kisha upunguze mbili nyingine. Anza na zile za baada ya Isha, ya asubuhi iwe ya mwisho kuondoka. Kichwa kikirudi, usishuke zaidi mpaka kitulie." Akamwonya asijilipe kwa chai ya rangi iliyokolea, maana nayo ina kafeini, na asome karatasi ya vidonge vya maumivu, kwani baadhi yake vimetiwa kafeini hiyo hiyo. Ila kichwa kinachouma ghafla kwa nguvu isiyopata kuonekana, au kilichoandamana na homa na shingo kukakamaa, hicho si cha kahawa. Kipelekwe hospitali upesi.

Ami akarejea finjani zake, akaanza upya kwa utaratibu, na paka naye akarudi kulala alipozoea. Nanyi mnaokunywa kama yeye na mwataka kuingia Ramadhani na kichwa chepesi, anzeni kupunguza kabla Shaabani haijafika nusu.