Usifiwe, Wiki ya Ukata

Watu wengi hutunga mashairi ya kusifu siku ya mshahara, na mimi sioni imefanya nini cha maana. Siku ya mshahara ni mgeni anayeingia usiku, simu inalia mlio wa meseji ya benki, na kufika kesho yake jioni keshaondoka na nusu ya vitu vya ndani. Anayestahili sifa ni yule anayekaa nasi muda mrefu bila kualikwa: wiki ya mwisho kabla ya mshahara. Sisi wa Janga, tunaoamka alfajiri kudandia bodaboda hadi Mlandizi tuwahi gari la Kibaha Maili Moja, tunamjua vizuri. Huingia tarehe 18 kwa wale wanaolipwa tarehe 25, na hana haraka ya kuondoka.

Tazama kwanza anavyotuunganisha. Mwanzoni mwa mwezi kila mtu anakula kwake, mwingine chipsi kuku stendi ya Mlandizi, mwingine anasema ameshiba tangu ofisini. Wiki ya ukata ikiingia, nyumba nzima inarudi kwenye sufuria moja la ugali na tembele. Huleta pia amani ya simu, maana wale ndugu wanaoanza na "shikamoo, kaka" na kumalizia na namba ya kutumia pesa wanajua kalenda yako kuliko wewe. Na hufundisha vipimo. Mtu aliyekuwa akinunua mafuta ya kula kwa lita, bila kuangalia bei, sasa anasimama mbele ya duka la Mangi akikodolea macho kile kikombe kidogo kinachochota kutoka kwenye dumu. Anaona povu lililokaa juu, anaona Mangi anavyokiinua kabla hakijajaa sawasawa, na hapo hapo anagundua kwamba vikombe vya kutosha lita moja vinamgharimu zaidi ya lita yenyewe. Hiyo ni elimu ya uchumi, na karo yake inakatwa kwenye chakula.

Sifa kubwa kuliko zote, hata hivyo, ni ukweli wake. Wiki hii haijawahi kumwonea mtu. Inasoma kwa sauti yale uliyoyaandika tangu tarehe 25 ya mwezi uliopita, basi. Tatizo ni kwamba inasoma tukiwa tumeshachelewa, na ndipo wanapojitokeza waokoaji: daftari la Mangi, huduma kama Songesha, inayokamilisha muamala wako wa M-Pesa na kujilipa mara tu pesa nyingine ikiingia, na yule bwana wa mikopo ya kausha damu anayetaka umwachie kadi ya benki na namba ya siri ili siku ya mshahara aende kwenye mashine kabla yako. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Sabini kasoro moja! Hata wafalme hawana watumishi wengi hivyo wa kuwangojea mlangoni.

Ukitaka kumpokea mgeni huyu bila kupita kwa hao, inabidi umwandalie chumba mapema, na siku ya kuandaa ni katikati ya mwezi. Hapa wengi hukosea hesabu kabla hawajaanza. Katikati ya mwezi wa mshahara si tarehe 15. Anayelipwa tarehe 25, siku yake ya katikati ni tarehe 10 hivi. Akisubiri 15 amebakiwa na siku kumi tu, na nyingi ya pesa za kurekebisha zimeshatumika.

Tumchukue kijana mmoja wa kubuni, anaishi Janga na mdogo wake, anafanya kazi Maili Moja kwa mshahara wa shilingi 400,000. NSSF inachukua asilimia 10, yaani 40,000. Zinabaki 360,000 za kutozwa kodi, ambazo 270,000 za mwanzo hazitozwi kitu na 90,000 zilizozidi zinatozwa asilimia 8, sawa na 7,200. Mkononi anapata 352,800. Tarehe 10 alfajiri anakaa kitandani na karatasi na kuandika kila shilingi ilipo: benki 71,000, kwenye simu 58,000, mfukoni na chini ya godoro 36,000. Jumla 165,000. Kuna rafiki aliyekopa kwake 15,000 na ameapa ataleta Ijumaa. Hiyo haandiki. Pesa ya ahadi haipandi gari.

Ukiishia hapo kijana anajiona tajiri: 165,000 na nusu ya mwezi imepita! Ndiyo maana hatua ya pili ni kuondoa zile ambazo si zake tena ingawa bado ziko kwake. Kodi ya chumba analipa kwa miezi mitatu, kwa hiyo kila mwezi lazima aweke 40,000 pembeni. Hisa za kikoba 20,000, mkutano ni tarehe 15. Luku 5,000. Mchango wa harusi ya mwenzake wa kazini, ahadi ni 20,000. Jumla 85,000. Zilizo zake kweli ni 80,000.

Sasa ndiyo anamtengea mgeni, na anaanza naye kabla ya kujitengea yeye mwenyewe. Nauli ya kwenda na kurudi tuseme 3,000, chakula cha watu wawili 4,000. Kuanzia tarehe 18 hadi 24 ana siku sita za kazi, nauli 18,000, na siku saba za kula, 28,000. Hizo ni 46,000. Aongeze siku mbili za mshahara kuchelewa, maana mhasibu naye huumwa na mtandao wa benki naye hulala: 14,000. Jumla 60,000. Katika 80,000 zake zinabaki 20,000 za kumfikisha tarehe 17. Siku hizo nane, zikiwa na Jumapili moja, zinahitaji nauli 21,000 na chakula 32,000, yaani 53,000. Amepungukiwa 33,000.

Wengine wakifika hapo hukunja karatasi na kurudi kulala. Lakini angalia uzuri wa kuliona pengo hilo tarehe 10. Kamati ya harusi anaiambia leo hii kwamba mchango wake utafika baada ya tarehe 25. Kamati zimezoea, na zinamheshimu anayesema mapema kuliko anayezima simu. Hapo amepata 20,000. Zimebaki 13,000, na kwa kuwa bado ana siku kumi na tano, akishusha chakula kutoka 4,000 hadi 3,000 kwa siku anapata 15,000. Pengo limezibwa na 2,000 zimebaki za chumvi na kiberiti. Elfu moja kwa siku ni kuacha chapati mbili na chai ya mgahawani asubuhi, na kubeba kiporo.

Asipofanya hesabu, pengo ni lile lile, 33,000, ila atakutana nalo asubuhi ya tarehe 18. Mfukoni ana 27,000, mchango ulishakwenda, na siku zilizobaki ni saba. Ili alizibe lazima apunguze zaidi ya 4,700 kila siku, wakati chakula chote cha siku ni 4,000. Hata akifunga saumu haifiki. Ndiyo sababu watu hukopa wiki ya mwisho: si kwamba walitumia vibaya wiki hiyo, ila kufika hapo hakuna kitu kilichobaki cha kupunguza.

Pesa iliyotengwa ikibaki kwenye simu haijatengwa. Itaonwa na vocha, na mechi ya Simba na Yanga, na wale wa "shikamoo, kaka". Kwa hiyo ile ya chakula kijana aigeuze chakula tarehe 10 hiyo hiyo: unga, maharage, mafuta ya lita badala ya kikombe, na mkaa. Nauli ndiyo haihifadhiki kwenye gunia, basi abaki nayo taslimu, mafungu manane ya 3,000, kila fungu kwa siku yake, mawili yakiwa ya zile siku za kuchelewa. Luku nayo inunuliwe mapema, lakini ajue kwamba kama mita ya nyumba imo kwenye kodi ya majengo, manunuzi ya kwanza ya kila mwezi hukatwa 1,500 kwa nyumba ya kawaida, na uniti zitakuja pungufu. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Mpangaji atunze meseji ya kila mwezi, adai kwenye kodi ya chumba. Mimi sijaona mwenye nyumba anayeikumbuka bila kukumbushwa.

Utajuaje kama hesabu imeharibika? Rudi kwenye karatasi tarehe 14 na hesabu tena pesa iliyopo. Kijana wetu hadi hapo alipaswa kutumia 6,000 kwa siku ya kazi, na fungu la wiki ya mwisho liwe halijaguswa. Likiwa limeguswa hata kwa 2,000, sababu karibu kila mara ni moja kati ya mbili: kuna kitu alikisahau kwenye orodha, mtungi wa gesi kwa mfano, au alitunza jumla kichwani badala ya kuandika. Msiba ni jambo jingine. Karatasi haizuii msiba, na mchango wa msiba hausubiri tarehe 25. Na yule ambaye mikopo inakatwa juu kwa juu hadi mshahara hautoshi hata nauli na unga, hesabu hii itamwonyesha shimo tu, haitamjazia. Huyo anahitaji kwenda kuzungumza na aliyemkopesha.

Nimalizie sifa kwa kutaja mwezi ambao mgeni wetu huvaa joho. Desemba waajiri wengi hulipa mapema kwa ajili ya Krismasi, na watu hushangilia kama wameongezwa. Aliyelipwa tarehe 19 Desemba ana siku 37 hadi 25 Januari, mwezi dume uliozaa mwezi mwingine. Katikati yake inaangukia karibu na tarehe 6 Januari, shule zinakaribia kufunguliwa, sare na madaftari yanadaiwa, na wiki ya ukata haiji peke yake, inakuja na mdogo wake. Mwezi huo tarehe 10 ni kuchelewa, na hata 6 ni kuchelewa. Karatasi itolewe tarehe 27 Desemba, pilau likiwa halijaisha kwenye sufuria, na mstari wa kwanza kuandikwa uwe madaftari ya watoto.