Zamu ya Baba Nyuma ya Pazia

Wanaume wa Kasongo, waulizwapo kwa nini kilio cha mtoto usiku ni kadhia ya mama peke yake, hutoa hoja moja ambayo kwa kuitazama juu juu haina jawabu, nayo ni kwamba Mwenyezi Mungu aliyegawa viungo hakumjaalia baba ziwa lenye maziwa. Na wakiisha kuitoa hujifunika shuka hadi utosini, wakalala usingizi wa mtu aliyeshinda kesi. Nami nilikuwa tayari kuishika hoja hiyo kwa mikono miwili, lau mke wangu, ambaye ni mwalimu wa hesabu, asingeniketisha na kuniandikia usiku mmoja kwenye daftari.

Mtoto mchanga, alisema, hunyonya mara 8 hadi 12 kwa mchana na usiku, na katika hizo tatu au nne huangukia baina ya isha na alfajiri. Kila mara huchukua karibu saa nzima, lakini kunyonya kwenyewe ni baadhi tu ya dakika zake. Zilizobaki ni kuwasha taa, kubadili kitambaa, kumfuta, kumweka begani mpaka acheue, kumtembeza mpaka macho yalegee, kisha kumlaza chali ndani ya chandarua pasipo kumwamsha tena. "Ziwa ni langu, Baba Salima," akasema huku akipiga mstari chini ya hesabu yake, "na bega je, ni la nani?" Nikalitazama bega langu, nisipate la kusema.

Shauri la kugawana usiku likakubaliwa, ila palikuwa na kizuizi ambacho daftari halikukitaja. Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka Kabambare kumlea binti yake katika arobaini, akilala kwenye mkeka ndani ya chumba kilekile. Na katika ukoo wetu mkwe hatazamwi usoni, wala huli mbele yake, sembuse kumwingilia usiku wa manane ukiwa umejifunga kikwembe. Almuradi, tulitundika pazia mlangoni. Mtoto akilia, mama yake humnyonyesha hali amelala ubavu, bila kuinuka. Akimaliza, mkono wa bibi humpitisha mtoto chini ya pazia, nami nikiwa nimeelekeza uso ukutani kwa staha, humpokea na kwenda naye sebuleni kumaliza kazi ya bega.

Taratibu hiyo ilikwenda vyema hadi usiku mmoja ambapo, mwanga ukiwa haba na staha ikiwa tele, nilikabidhiwa furushi lenye joto, nikaliweka begani, nikalipapasa mgongo na kulisomea dua, nikisifu moyoni utulivu wa mwanangu, mpaka maji yalipoanza kunichuruzika hadi kiunoni. Sauti ikatoka nyuma ya pazia, na ndiyo iliyokuwa ya kwanza mkwe wangu kuielekeza kwangu tangu siku ya ndoa: "Mkwe, huyo hacheui. Hivyo ni vitambaa vya kufua."

Arobaini ilipokuwa ukingoni, na maziwa yamekwisha kutulia kwa kiasi cha mahitaji ya mtoto, mke wangu akadai haki ya pili, yaani kulala saa nne au tano mfululizo, kwa kuwa usingizi uliokatwa vipande, hata ukijumlishwa ukawa mwingi, haumrejeshei mtu nguvu zake. Hapa ndipo wengi hukimbilia chupa na chuchu ya mpira, ambayo mikunjo yake ni taabu kuisafisha kwa maji ya kuchemshwa juu ya makaa. Kikombe kidogo kisicho na pembe ni bora mara mia. Basi mke wangu alinawa mikono ili akamue, akashika kikombe kilichochemshwa, akaweka kidole gumba juu na vingine chini, nyuma ya ile sehemu nyeusi ya titi, akasukuma kuelekea kifuani kisha akaminya na kuachia, bila kuisugua chuchu. Mara ya kwanza hutoka matone, baadaye hutiririka.

Nyumbani kwetu hakuna jokofu, na maziwa ya mama yaliyokamuliwa, yakifunikwa mahali penye ubaridi wa nyuzi 25 au pungufu, hukaa salama saa nne tu. Kwa hiyo yale ya asubuhi hayafai kungojewa hadi usiku. Ilibidi yakamuliwe baada ya isha, mnamo saa mbili, na yanywewe kabla ya saa sita. Na hivyo zamu yangu haikupangwa na mapenzi yangu bali na maziwa yenyewe. Mtoto hukalishwa wima mapajani akiwa macho kabisa, ukingo wa kikombe ukigusa mdomo wake wa chini, kikiinamishwa hadi maziwa yafike midomoni, basi. Kazi ya baba ni kungoja, kwa maana mtoto ndiye anywaye kwa kasi yake. Baba yangu mdogo, aliyekuja kututembelea na ambaye subira haikuwa fungu lake, aliona mwendo huo ni wa ubahili, akamimina. Maziwa yalitokea puani, mtoto akapaliwa, na mama mkwe akasahau miiko yote akatoka nje ya pazia. Tangu usiku ule pazia halikurudishwa.

Wala baba asidhani kwamba kwa kikombe ataweza kumlaza mkewe hadi alfajiri. Ziwa lisiponyonywa wala kukamuliwa kwa muda mrefu hujaa, likawa gumu na la moto, na homa huweza kufuata. Tena maziwa yanayobaki ndani huuambia mwili upunguze kuyatengeneza. Ziwa likianza kuuma, atakiwaye ni mtoto, si kungoja jogoo. Kwetu sisi mke wangu huamka saa saba, naye hunipokea. Kuanzia hapo usiku ni wake, nami hulala kwa haki hadi adhana.

Insafu hiyo ina upande wake wa pili, nao nilifunzwa njiani. Nilipanda pikipiki ya kukodi kwenda Kabambare, na dereva wangu, kijana mpole, alianza kuinama mbele kidogo kidogo, nami nikadhani anakwepa upepo, mpaka tulipojikuta tumekaa katikati ya shamba la mihogo la watu, pikipiki ingali inanguruma. Akaniomba radhi na kueleza kwamba mkewe aliugua malaria, naye kwa mapenzi akachukua usiku wote wa mtoto wao, na hata mkewe alipopona hakuurudisha. Mwenye shamba, aliyekuwa na watoto wengi, alitusikiliza hadi mwisho, akatuuzia mihogo tuliyoivunja, kisha akampa kijana mkeka alale kivulini kabla hajagusa tena usukani.

Majirani zangu wana maneno yao. Wakinikuta kisimani nikifua vitambaa husema nimelishwa dawa, na mzee mmoja alinikumbusha msikitini aya ya 233 ya Sura Al-Baqara, inayotaja akina mama kunyonyesha miaka miwili kamili. Nilimwomba aendelee mbele kidogo, pale, ingawa ni katika habari ya kumwachisha mtoto, panapotajwa ridhaa ya wawili na kushauriana kwao. Hayo ya kisimani hayanisumbui, kwa kuwa afuaye vitambaa ndiye ajuaye hali ya tumbo la mtoto: vikiloa sita au zaidi kwa siku, na mkojo ukiwa mweupe, ameshiba, vikipungua, shauri ni kwenda kumpima uzito wala si kubishana.

Mama mkwe amekwisha kurudi Kabambare, ambako binti yake mwingine amejifungua, na habari zilizotufikia ni kwamba mwanyumba wangu amepewa zamu ya kwanza, bila pazia.