Mwongozo wa Kumkaribisha Mfanyakazi Mpya kwa Video Bila Kumhubiria

Unafungua duka la mikate Kianda, Kibera, na unataka video ya kuwaeleza wageni kazini taratibu zako. Kwanza, usianze na historia ya duka. Mgeni ana swali moja kichwani: nikiamka mgonjwa, nifanyeje?

Basi anzia hapo. Mweke mbele ya simu mfanyakazi aliyezoea kazi, si bosi, na aseme kama anavyosema na mwenzake:

“Karibu, dada. Ukiamka na homa, mpigie msimamizi kabla ya saa moja asubuhi. Usiandike tu kwenye kikundi cha WhatsApp, ujumbe unazama kati ya salamu. Ukienda kliniki, omba karatasi iliyotiwa sahihi na daktari, utuletee.”

Hapo mwonyeshe ameshika vitu viwili: karatasi ya daktari, na risiti ya kemisti. Kibera wengi huanzia kwa kemisti kwa sababu yuko karibu, na mtu hudhani risiti yake yatosha kuthibitisha kwamba aliugua. Haitoshi, na mgeni ajue leo, si siku ya mshahara.

Sasa pale wengi wanapokosea. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, kisha siku 7 kwa nusu mshahara, ndani ya miezi 12, akileta karatasi ya daktari. Lakini haki hiyo huanza akishafanya kazi miezi miwili mfululizo. Anayetazama video yako ndiyo kwanza ameingia! Ukimtajia siku 7 ukanyamaza, umemwahidi kitu ambacho bado hana. Amua mapema duka lako litafanya nini katika miezi hiyo miwili, kisha useme wazi: “Mwezi wa kwanza na wa pili tunakulipa siku mbili ukiugua,” au chochote utakachoweza kutimiza.

Rekodi asubuhi kabla barabara haijachangamka, na usijaribu mvua ikinyesha, kwa sababu paa la mabati litameza kila neno. Weka maandishi chini ya picha, maana wengi wataitazama ndani ya matatu bila sauti. Dakika moja na nusu yatosha kwa jambo hili. Likizo na mavazi ya kazi vipewe video zao.

Ikiisha, mwonyeshe aliyeajiriwa juzi na umwombe akueleze angefanya nini akiugua kesho. Akisema “ningetuma meseji kwenye kikundi”, andika upya sentensi ya WhatsApp kwenye video. Na bado mpe masharti ya kazi kwenye karatasi: sheria hiyo hiyo inataka ayapate kwa maandishi kabla ya miezi miwili tangu aanze kazi, na video haichukui nafasi yake.